Gauni Moja, Rangi Mbili

Mama ya bibi harusi alinipigia Jumanne asubuhi, hata chai sijakunywa. "Kijana wangu, video nimeiona. Lakini hiyo si gauni tulinunua." Nikacheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Na ile balansi yangu ya elfu ishirini ilikuwa bado kwa simu yake.

Nikarudi kwa laptopu, na manze, alikuwa na haki. Harusi tulipiga wawili. Mimi na Sony yangu karibu na madhabahu, buda wangu na Canon yake pembeni. Wakati wa viapo nilikuwa nakata huku na huku: kwangu gauni ni nyeupe yenye ubluu kama shuka la hospitali, kwake ni njano kama siagi. Gauni tungesamehewa. Sura ndiyo ilinimaliza. Dada ni mweusi wa kung'aa, lakini kwenye klipu zangu alikuwa amepauka kijivu kama mtu ametoka malaria, na kwa za buda amegeuka rangi ya chungwa.

Usiseme ni kamera. Ilikuwa sisi. Kosa langu: ndani ya DaVinci Resolve nilichukua ile alama ya kudonolea rangi nikabofya gauni, juu si gauni ya harusi ni nyeupe? Hiyo ilikuwa rangi ya maziwa. Programu iliniamini, ikaongeza bluu mpaka maziwa yakawa theluji, na bluu hiyo hiyo ikamwagika usoni. Kosa la buda: aliacha kamera kwa AWB. Mlangoni kulikuwa na mwanga wa jua, mbele kuna balbu za njano, kwa hivyo bibi harusi akitembea, kamera inakisia upya. Klipu moja, rangi tatu. Mimi angalau nilikuwa nimefunga yangu kwa 4400K.

Nikaanza upya usiku huo. Kwanza nilitafuta sekunde moja ambayo kamera zote mbili ziliona: pete ikiingia kidoleni. Sauti ya pasta ndiyo ilinisaidia kuzipanga. Lazima iwe sekunde ileile, juu ukilinganisha klipu ya mlangoni na ya madhabahuni unalinganisha taa, si kamera.

Halafu sikugusa rangi. Nilianza na mwangaza. Klipu ya buda ilikuwa angavu zaidi, na jicho hudanganyika: kitu kikiwa na mwanga mwingi unaona ni kama kimebadilika rangi. Nilifungua Parade, ule mchoro unaoonyesha nyekundu, kijani na bluu kando kando, nikashusha yake mpaka urefu ukakaribiana na wangu. Nusu ya shida iliisha hapo. Nilikuwa nimepoteza siku mbili nikipigana na rangi bure.

Ndipo nikatafuta kitu cheupe kweli, na shati la bwana harusi ndilo lilikuwa karibu. Nikasogeza Temp na Tint kwa kila klipu mpaka zile rangi tatu zikawa sawa pale shatini. Lakini shati si hakimu wa mwisho, mengi yana dawa ya kuyang'arisha inayoyavuta kwa bluu. Hakimu ni ngozi. Nikazungushia shavu la bibi harusi alama, nikaangalia Vectorscope. Kuna mstari pale, kati ya nyekundu na njano, ambapo ngozi za watu hukaa karibu nao, mweusi kwa mweupe, kwa sababu damu chini ya ngozi ni ileile. Weusi hubadilisha mwangaza zaidi kuliko mwelekeo. Yangu ilikuwa imeanguka kando ya mstari, nikairudisha taratibu. Gauni ikawa ya maziwa yenyewe, bila kuguswa.

Klipu za matembezi zilinisumbua zaidi. Ilibidi niweke alama kila mahali AWB ilipobadilika, rangi ikihama polepole kutoka alama moja hadi nyingine. Saa mbili kwa sekunde arobaini!

Kuna kimoja sikuweza. Pale dirishani gauni ilichomwa na jua, Parade imegonga juu kabisa, urembo wa lesi umepotea. Ukipunguza mwanga unapata kijivu tu, lesi hairudi. Nikafunika hapo na klipu yangu.

Mama alipiga tena Alhamisi. "Sasa hii ndiyo yenyewe." M-Pesa ikaingia kabla hajakata simu. Buda bado anasema kwake gauni ilikuwa sawa tangu mwanzo, lakini siku hizi kabla bibi harusi hajaingia namwona akifunga namba yake kwa mkono, kimya kimya.