Penseli mbele ya macho

Jioni moja nilikaa kwenye kigoda kando ya barabara, Hewa Bora, nikichora ukuta wa matofali ya saruji. Mstari wa upeo niliuweka juu kabisa ya ukuta, basi barabara ikapanda kama kilima. Kosa lilionyeshwa na mama aliyepita: kichwa chake kilikuwa juu sana ya macho yangu, lakini kwenye karatasi kilikaa chini ya upeo. Nikashika penseli mlalo mbele ya macho. Ikapita kwenye safu ya tano. Upeo ni hapo. Safu za juu yake zilishuka, za chini zikapanda, zote zikielekea nukta moja mwisho wa barabara. Siku hizi penseli hutangulia ukuta. Nikisimama, upeo unapanda nami, naanza upya.