Jipu Limeiva

Kwetu Ukonga jipu likianza kulainika watu husema limeiva, na husema kwa furaha kidogo. Wana sababu. Usaha kwa sehemu kubwa ni maiti za neutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazofika kwenye maambukizi kabla ya wengine wote. Mtu mzima hutengeneza kama bilioni 100 kila siku, na nyingi hazimalizi siku chache kabla ya kufa. Hata ule ukijani wa usaha ni wao: ni rangi ya kimeng'enya wanachokibeba, mieloperoksidesi. Ukiona usaha, ujue jeshi limefika. Kama limepigana au halijapigana, hilo usaha haukuambii.

Mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu, alianza kutoa usaha akiwa na miezi mitatu. Tezi ilivimba kwapani, upande ule ule alikochomwa chanjo ya BCG, ikapasuka. Tukaambiwa hutokea, na kweli hutokea kwa watoto wazima kabisa. Baadaye yakaja majipu ya shingoni. Kinyama kilichokatwa na kupimwa kilionyesha vinundu, yaani seli za kinga zilizojikusanya kuzunguka kitu zilichoshindwa kukimaliza, na huku kwetu kinundu maana yake kifua kikuu. Akameza dawa miezi sita. Alipofika miaka mitatu likapatikana jipu kwenye ini. Na muda wote huo picha kamili ya damu ilirudi na jibu lile lile: neutrofili nyingi, zaidi ya kawaida. Bibi yake alifarijika. Mtoto ana damu nzuri, tatizo labda ni jicho la mtu.

Aliyeshtuka ni daktari mmoja kijana, baada ya usaha wa ini kuoteshwa maabara ukatoa stafilokokasi, bakteria wa majipu ya ngozi. Jipu la ini kila mtu huwaza amiba. Huyu bakteria kwenye ini la mtoto ni habari nyingine. Akamwambia dada, "Mama, wanajeshi wake wapo wengi, wanafika, na wanameza. Nina wasiwasi kwamba hawaui."

Nimeandika habari za afya miaka kadhaa na sikuwahi kujua kwamba kumeza na kuua ni kazi mbili. Neutrofili inapommeza bakteria humfungia ndani ya kifuko. Hapo hapo vipande vya kimeng'enya kimoja, oksidesi ya NADPH, vinakutana: viwili vinakaa kwenye ukuta wa kifuko, vingine vinatoka kwenye ujiuji wa seli na kujipachika. Kikishaungana, kinachukua elektroni upande wa seli na kuzirushia oksijeni iliyo ndani ya kifuko. Ndani ya dakika chache seli inavuta oksijeni mara nyingi kuliko ilipotulia, wala si kwa ajili ya kupumua. Oksijeni hiyo inageuka supaoksaidi, kisha haidrojeni peroksaidi, ile ile ya chupa ya duka la dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Mieloperoksidesi nayo inaichanganya na kloraidi, inapatikana asidi ya jamii ya jiki. Huo ndio mlipuko wa oksijeni.

Mpwa wangu hana mlipuko. Katika ugonjwa sugu wa vinundu kipande kimojawapo cha oksidesi hakipo au kimeharibika, na mara nyingi ni kile kinachoitwa gp91phox, ambacho jeni yake, CYBB, iko kwenye kromosomu X. Bakteria anamezwa, anafungiwa, halafu anaishi humo ndani kama mpangaji.

Jambo lililoninyima usingizi ni la vifuko vya silaha. Neutrofili huzaliwa imeshajazwa chembechembe zenye protini za kuua na kumeng'enya, elastesi mojawapo, na huzimimina juu ya bakteria aliyemezwa. Za mpwa wangu zimejaa vizuri tu. Kwa nini hazitoshi? Ungesema kinachokosekana ni ile jiki. Lakini wapo watu wanaozaliwa bila mieloperoksidesi, kwa hiyo hawatengenezi jiki, na wengi wao wanaishi bila kujua. Anthony Segal na wenzake wa London walitoa hoja mwaka 2002 kwamba elektroni zinazorushwa ndani huvuta potasiamu, na potasiamu ndiyo inayozifungua protini hizo kutoka mahali zilipofungwa. Ghala limejaa, ila ufunguo ni ule mlipuko. Wengine bado wanaamini sumu za oksijeni zenyewe ndizo zinazoua. Mimi naona si lazima tuchague upande mmoja.

Kuna na nyavu. Mwaka 2004 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba neutrofili inaweza kufumua DNA yake na kuitupa nje kama wavu uliopakwa silaha zile zile, ikanasa vitu vikubwa kama nyuzi za ukungu. Kwa kawaida mlipuko ndio unaoanzisha kazi hiyo, hivyo wagonjwa hawa hawafumi. Mwaka 2009 madaktari wa Zurich waliripoti mtoto wa kiume aliyekuwa na ukungu wa aspajilasi mapafuni uliogoma dawa. Alipotiwa jeni nzima, neutrofili zake zikaanza kutupa nyavu, na ukungu ukaisha.

Kipimo chenyewe ni kizuri kukitazama. Damu inawekewa rangi ambayo haing'ai mpaka iguswe na peroksaidi, seli zinachokozwa kwa kemikali, kisha zinapita moja moja mbele ya leza. Seli zinachakaa upesi, kwa hiyo damu ilisafirishwa kwa ndege nje ya nchi siku ile ile ilipotolewa. Pamoja nayo ilikwenda ya jirani mzima, ili ikiharibika njiani ijulikane. Mchoro wa jirani: mlima mmoja, umehamia mbali upande wa mwanga. Wa mtoto: mlima mmoja, haujasogea. Wa dada yangu: milima miwili. Mwanamke ana kromosomu X mbili na kila seli huzima mojawapo, kwa hiyo sehemu ya neutrofili zake zinawaka na sehemu ni giza. Vile vidonda vya mdomoni alivyougua tangu shule, na upele wa juani, huwapata wanawake wenye damu ya namna hii. Mama yetu alipoonyeshwa karatasi alikaa kimya, akamtaja kaka yake aliyekufa mdogo, "wa majipu." Mama hajapimwa.

Sasa mtoto anakunywa septrini kila siku, na itrakonazo ya kuzuia ukungu. Tiba ya kumaliza ni kupandikiziwa uloto. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanawapandikizia watoto wenye selimundu. Kwa ugonjwa huu tumeulizia India.

Ugomvi wa nyumbani ulikuwa maranda. Bibi anafuga kuku wa nyama uani, na maranda yaliyolowa yana ukungu. Kwa mtoto huyu kuvuta vumbi la maranda, mbolea au majani yaliyooza kunaweza kuleta nimonia kali ndani ya siku chache. Banda ndilo lililomsomesha dada yangu. Bibi alibishana wiki mbili, kisha akauza kuku wote siku moja, akafagiliwa uwanja mtoto akiwa kwetu.

Dada ana mimba ya miezi saba, na ni ya mtoto wa kiume. Uwezekano ni nusu kwa nusu. BCG ni bakteria hai, aliyedhoofishwa, na kwa mtoto asiye na mlipuko anaweza kusambaa mwilini. Daktari amemwandikia barua ya kupeleka chumba cha kujifungulia: damu itolewe kwenye kitovu, ipimwe kwanza, na ule mstari wa chanjo kwenye kadi ya kliniki uachwe wazi mpaka jibu lirudi. Barua anatembea nayo kwenye mkoba, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe.