Tone la vijiko vinne

Leo nawasimulia aibu yangu, maana kuna wadogo zetu wanaosomea uuguzi wanaopita hapa, na wengine mna wagonjwa mnaokaa nao chini ya dripu.

Mwaka ule nilikuwa nakaa kwa shangazi Kigamboni, chuo kiko mjini, hivyo kila jioni lazima nipite Feri. Siku hiyo pantoni lilichelewa. Mimi na shoga yangu tukakaa kwenye benchi, harufu ya samaki wa kukaanga inatujia kutoka upande wa soko, tukatoa madaftari. Swali lilikuwa fupi: mgonjwa apewe mililita 500 za maji ya chumvi kwa saa 4, seti ya dripu ni ya matone 20 kwa mililita. Matone mangapi kwa dakika?

Saa 4 ni dakika 240, hilo nililijua. Nikagawa 500 kwa 20, nikapata 25. Nikagawa 25 kwa 240, nikapata 0.104. Nikaitazama ile namba. Sehemu ya kumi ya tone kwa dakika? Haiingii akilini. Basi nikajiambia nukta imekaa vibaya, nikaisogeza, nikaandika matone 10 kwa dakika. Likapendeza. Kumi ni namba ya heshima, hata mwalimu asingeishtukia haraka.

Shoga yangu akachungulia. "Umegawa kwa 20?"

"Ndiyo, si kipimo cha matone?"

Akacheka. "Shoga, tone lako lina mililita 20? Hivyo ni vijiko vinne vya chai! Hilo tone au ndoo?"

Hapo ndipo nilipoona. Pakiti inaposema matone 20 kwa mililita, maana yake mililita moja inakatika vipande 20. Ukiwa na mililita 500, matone lazima yawe mengi kuliko mililita, hivyo unazidisha: 500 mara 20 ni matone 10,000. Hayo ndiyo yote yaliyomo kwenye chupa. Ukiyagawa kwa dakika 240 unapata 41.67, yaani 42 kwa dakika. Mimi nilikuwa nimekigeuza kipimo kichwa chini, kila tone likabeba mililita 20, ndiyo maana chupa nzima ikawa na matone 25 tu.

Lakini kilichoniuma si kugeuza. Ile 0.104 ilikuwa inanipigia kelele kwamba nimekosea, nami nikaivalisha nguo nzuri ili inyamaze. Astaghfirullah. Mgonjwa ni amana.

Tukaifuatilia 10 yangu mpaka wodini. Matone 10 kwa dakika ni nusu mililita, kwa saa ni mililita 30. Chupa ikitundikwa saa 2 asubuhi, badala ya kwisha saa 6 mchana itakwisha saa 6 na dakika 40 usiku. Fikirieni mtu aliyeharisha tangu jana, midomo imekauka, anakaa saa 16 na ushei akingoja maji ya saa 4. Na chemba inadondosha taratibu tu, kila anayepita anaona dripu inatembea.

Kinachoweza kumwokoa ni chupa yenyewe, ina mistari. Baada ya saa moja zinatakiwa ziwe zimeshuka mililita 125. Zikishuka 30 tu, rudi kwenye hesabu. Hata hesabu ikiwa sahihi, mgonjwa akikunja mkono au akikaa kitako matone hubadilika, kwa hiyo unarudi na saa yako, unahesabu tena. Na ukikuta imechelewa usifungulie kwa nguvu ili ifidie, hasa kwa mtoto au mwenye ugonjwa wa moyo. Mwambie aliyeandika dawa. Nyie mnaouguza, msiliguse lile gurudumu la kwenye mrija, mwiteni nesi.

Pantoni likaja, tukasukumana kama kawaida. Nikiwa nimesimama katikati ya pikipiki na matenga nikaifuta ile 10.

Wiki iliyofuata nikiwa kwenye mazoezi wodini, nikapewa chupa ya mililita 500 ya saa 4, kama ile ile. Mdomo ulishataka kusema 42. Nikaigeuza pakiti ya seti kwanza, sanduku lilikuwa jipya. Imeandikwa matone 15 kwa mililita. Nikakaa nikaanza upya: 500 mara 15, matone 7,500, kwa dakika 240. Nikapata 31. Nikamwonyesha dada wa zamu kabla ya kugusa mrija, akahesabu na yeye.