Kinachoonyeshwa na Kinachositiriwa

Kwa miaka 11 nimekuwa nikiitwa kuketi katika jopo la usaili la chama chetu cha ushirika hapa Singida, kila anapotafutwa karani au mtunza hesabu. Maombi yanayotufikia hufanana mno. Kila mwombaji ni mchapakazi, ni mwaminifu, na aweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Wala hakuna katika karatasi zake kinachomwezesha msomaji kuhakiki hata neno moja la hayo. Ndiyo maana mpwa wangu, aliyehitimu stashahada ya kompyuta kisha akakaa nyumbani miaka miwili, aliponiambia, "Mjomba, nataka kujitengenezea tovuti ya kuombea kazi," nilimuunga mkono. Kilichonivutia ni kwamba humo angeweza kuweka kazi yenyewe, si sifa zake tu.

Nilimtahadharisha jambo moja mapema. Anayeomba kazi serikalini hupitisha maombi yake katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na huko tovuti binafsi haichukui nafasi ya cheti wala ya barua. Faida yake iko kwa makampuni, vyama vya akiba na mikopo, na mashirika madogo, ambako mtu mmoja mwenye shughuli nyingi hufungua kiungo katika simu yake na kuamua upesi kama aendelee kusoma au aache.

Gharama haikuwa kikwazo. Alijiandikisha GitHub, akafungua hazina ya mafaili aliyoipa jina lake la akaunti likifuatiwa na `.github.io`, akaweka ndani yake faili moja liitwalo `index.html`. Baada ya dakika chache ukurasa ukawa hewani bila kulipia chochote. Kwa kuwa jina la akaunti ndilo linalokuwa anwani, aliacha lile la utani alilopewa shuleni, akatumia lake halisi.

Mara ya kwanza nilipoufungua katika simu yangu, maandishi yalikuwa madogo kama punje za ulezi. Alikuwa ameujaribu katika kompyuta tu. Simu isipoelekezwa, hudhani ukurasa umeandikiwa kioo kipana cha kompyuta, ikausinyaza wote uenee. Dawa yake ni mstari mmoja unaowekwa katika sehemu ya juu ya faili:

```html
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
```

Hilo lilikwisha siku ileile. Lililotuchukua muda ni kazi ya mfano. Alikuwa ametengeneza daftari la kompyuta kwa ajili ya kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, akaliita "mfumo wa kisasa wa usimamizi wa kiwanda". Nikamuuliza: mwenye kiwanda alikuwa na tatizo gani? Akanieleza kwamba mbegu zilikuwa zikipimwa kwa kilo zikiingia, mafuta yakipimwa kwa lita yakitoka, na mashudu kwa kilo tena, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua ni kiasi gani kinapotea mashineni au mikononi mwa watu. "Mbona hayo hukuyaandika?" nikamwambia. Hayo ndiyo ajira yako.

Akaandika upya, mara hii kwa mfano wa siku moja. Ziliingia kilo 300 za mbegu. Zikatoka lita 75 za mafuta na kilo 216 za mashudu. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takriban kilo 0.92, hivyo lita 75 ni kilo 69. Ukijumlisha na mashudu unapata kilo 285. Zilizopotea ni 15, yaani asilimia 5. Daftari hulinganisha upotevu huo na wa siku zilizotangulia, na ukizidi kiwango alichokiweka mwenye kiwanda, mstari huwa mwekundu. Chini yake aliongeza sentensi moja ambayo mimi naiona bora kuliko zote: kwamba daftari halitambui unyevu wa mbegu, kwa hiyo mbegu mbichi zaweza kuonekana kama wizi. Mtu anayetaja mpaka wa kazi yake, mwajiri huamini kwamba aliifanya yeye mwenyewe.

Hata hivyo, ili kuonyesha daftari hilo alikuwa ameweka picha ya ukurasa halisi, wenye majina ya wakulima na madeni yao. Picha hiyo ikaondolewa, ikawekwa nyingine yenye "Mkulima A" na "Mkulima B". Madeni ya watu ni siri yao, na mwenye kiwanda alimfungulia vitabu kwa amana. Isitoshe, tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika nchini.

Hapo ndipo dada yangu, mama wa binti, aliposogea na kuomba tumsomee wasifu wote uliokuwa umeambatanishwa. Ulikuwa na namba ya kitambulisho cha Taifa, tarehe ya kuzaliwa, mtaa wanaoishi, namba yake ya simu, na namba za wadhamini watatu. Mtu akizipeleka taarifa hizo kwa mwajiri mmoja ndani ya bahasha, zinasomwa na jopo. Akizitundika mtandaoni, zinasomwa na yeyote. Namba ya kitambulisho ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tapeli akikupigia simu akakutajia hizo pamoja na majina ya wadhamini wako, ni vigumu kumtilia shaka. Na namba hiyo si kama nywila unayoibadili asubuhi.

Binti akalifuta faili, akasema, "Limeondoka, mama." Halikuwa limeondoka. GitHub hutunza kila toleo la kila faili, na hazina yake ilikuwa wazi kwa watu wote. Tulibonyeza palipoandikwa `History`, tukarudi siku mbili nyuma, na wasifu wote ukafunguka mbele yetu. Kwa kuwa hazina ilikuwa changa, njia nyepesi ilikuwa kuingia `Settings`, kushuka hadi chini, kuifuta hazina nzima kwa `Delete this repository`, kisha kuianza upya kwa mafaili yaliyosafishwa. Hilo lilizima historia ile. Halingeweza kumfikia aliyekwisha kupakua nakala, kama alikuwapo.

Wasifu wa hadharani sasa una jina, elimu, ujuzi, kazi aliyoifanya na neno "Singida", basi. Mbele ya wadhamini imeandikwa kuwa watatajwa mwajiri akiomba. Kuhusu mawasiliano, mama na binti walivutana kidogo. Binti alitaka kitufe cha WhatsApp, kwa hoja kwamba waajiri wetu wengi huandika huko kuliko kwenye barua pepe, na hoja yake ni ya kweli. Mama hakutaka namba wala picha ya uso wa binti yake viwe mikononi mwa kila mpita njia. Walikubaliana pawepo anwani ya barua pepe aliyoifungua kwa ajili ya kazi tu, ambayo huikagua asubuhi na jioni, na namba ya simu iwe katika barua anayomtumia mwajiri mahsusi. Picha haipo, na sijaona mwajiri makini aliyeiulizia.

Mwezi uliopita aliitwa Dodoma kwa usaili. Swali la kwanza, alivyotusimulia, lilikuwa ile 0.92 aliitoa wapi. Akawajibu kwamba alipima mwenyewe: lita moja juu ya mizani ya kiwanda, mara tatu, baada ya kutoa uzito wa chupa. Majibu ya usaili bado anayasubiri, na wiki hii anaongeza kazi ya pili, ya hesabu za duka la pembejeo.