Mandazi, mandasi, benye: majina yalipita njia gani?

Hapa Dzaleka ubishi wa "hiki chakula ni cha kwetu" hauishi, basi leo tuufuate kwa njia ya majina.

Tuanze na mandazi. Ukinusa iliki unaweza kudhani jina nalo lilitoka Uhindi. Hapana. Ni Kiswahili cha pwani: maandazi, kutoka kuandaa, yaani kutayarisha chakula. Kutoka pwani neno likapanda bara. Wanyarwanda wanasema amandazi. Mama wa Kimalawi sokoni anaita mandasi, z imegeuka s. Lakini Warundi wana ibitumbura, na Wakongomani wengi wanasema benye, kutoka Kifaransa. Unga ni ule ule wa ngano, mafuta ni yale yale. Kwa hiyo jina halitoshi kusema nani alikaanga wa kwanza.

Chapati inaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Neno ni la Kihindi, linahusu kitu kilichopigwa kwa kiganja kikawa bapa. Kule kwao chapati ni unga usiokobolewa na maji tu, inaiva kwenye kikaango kikavu. Ya kwetu je? Unga mweupe, unapaka mafuta, unakunja kama konokono, unaacha ipumzike, ndipo unasukuma na kukaanga hadi ipate matabaka. Wahindi wakiiona hiyo wataiita parata! Jina lilisafiri na mkate mmoja, likatua juu ya mwingine.

Pilau nayo ni polou ya Waajemi na pulau ya Wahindi. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi pwani kuanzia mwisho wa mwaka, kusi ukayarudisha. Bahari hiyo ndiyo iliyoleta pilipili manga na mdalasini. Karafuu ilichelewa: ilianza kupandwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ilitokea visiwa vya Indonesia vya mbali. Ndiyo kusema, pilau yenye karafuu nyingi tunayoiona ya kale sana, si ya kale hivyo.

Sasa mchele wenyewe. Wafanyabiashara Waswahili walifika hadi Nkhotakota, kando ya Ziwa Malawi, miaka ya 1840. Kiongozi wao, Salim bin Abdallah, alijulikana kwa cheo cha Jumbe. Tusifiche: misafara yao ilibeba pembe za ndovu, na watumwa pia. Na leo ukienda sokoni Lilongwe, mchele mzuri unaitwa Kilombero, jina la bonde la Tanzania.

Ila wageni, angalieni hapo sokoni. Ukisema "mchele", muuzaji anasikia mchere, na kwa Kichewa hiyo ni chumvi. Sema mpunga. Sisi Waswahili tunagawa: mpunga shambani, mchele gunani, wali sahanini. Wao neno mpunga linabeba yote matatu, na pilau yako itapikika.