Kumpongeza aliyepandishwa cheo juu yako



Ndugu zangu, kumpongeza mtu wa ofisi nyingine ni kazi nyepesi. Mtihani ni pale mnapofanya kazi pamoja, nafasi ilikuwa moja, na aliyeipata ni mwenzako. Kuanzia kesho utapokea maagizo kwake. Na neno lako atalipima kuliko la mtu mwingine, kwa sababu anajua nafasi ile nawe uliitazama.

Wapo wanaouliza: "Ustadhi, moyo unaniuma, nikimpongeza si nitakuwa mnafiki?" Hapana. Hasad ni kutamani neema imtoke mwenzako. Ghibta ni kutamani nawe upate kama yake, bila yeye kupungukiwa. Uchungu ukikupitia moyoni na usiufuate kwa ulimi wala kwa kitendo, hujamdhulumu mtu. Kumwombea baraka huku moyo unauma ndiyo dawa yenyewe. Unachotakiwa kukiepuka ni uongo. Kama hukutegemea atapata, usimwambie "nilijua tangu siku ya kwanza."

Muumini mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 14 kazini. Kijana aliyempokea na kumwelekeza hata namna ya kuandaa andalio la somo ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi. Alinionyesha ujumbe kabla hajautuma:

"Hongera mdogo wangu, hatimaye na wewe umekuwa bosi! Usitusahau sisi tuliokupokea. Ila kumbuka cheo ni dhamana, Allah atakuuliza."

Yeye aliona ni ujumbe mzuri. Tuusome kwa macho ya anayeupokea. "Hatimaye na wewe" maana yake hakutarajiwa. "Sisi tuliokupokea" ni kumkumbusha deni siku ya furaha yake. Na mawaidha ya mwisho ni ya kweli, lakini yakitoka kwa aliyekosa nafasi ile ile, na yakitanguliwa na "ila", yanasikika kama onyo. Hata dua inaweza kuwa na mwiba.

Nikamwambia: ondoa "hatimaye", ondoa "ila", na ujitoe wewe mwenyewe humo ndani. Taja jambo moja la kweli alilolifanya vizuri, muombee, kisha umwonyeshe kwamba kazi itaendelea. Akaandika upya:

"Assalaam alaykum Mwalimu. Hongera sana kwa uteuzi wako. Ulivyopanga ratiba ya mitihani muhula uliopita, kila mwalimu alipumua. Allah akubariki na akufanyie wepesi. Jumatatu nitakuletea daftari la mahudhurio ya darasa la saba tulipitie pamoja."

Tazama, "mimi" amebaki mahali pamoja tu, kwenye kazi. Na yule kijana sasa anajua Jumatatu hatakutana na uso uliokunjwa.

Ujumbe huo mtumie yeye peke yake, siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukikaa kimya wiki nzima, ukimya utakusemea. Kwenye kundi la walimu mstari mmoja unatosha. Sifa nyingi mbele ya watu huonekana kujipendekeza, au kejeli. Na jina je? Nyumbani abaki mdogo wako. Mbele ya walimu na wanafunzi mwite kwa cheo chake, bila kukivuta kwa mzaha: "ndiyo bosi", "sawa mheshimiwa".

Tunao mfano mkubwa. Mwaka wa 11 Hijria, Mtume swalla-Llahu alayhi wasallam alimteua Usama bin Zayd kuongoza jeshi, naye ni kijana wa miaka isiyozidi 20 hivi. Ndani ya jeshi walikuwemo masahaba wakubwa, akiwemo Umar, na wapo walionung'unikia umri wake. Baada ya Mtume kufariki, Abubakar, akiwa khalifa, alilisindikiza jeshi lile. Wanahistoria wanasimulia kwamba alitembea kwa miguu huku Usama amepanda mnyama wake, na alipomhitaji Umar abaki Madina, alimwomba Usama ruhusa. Angeweza kuamrisha. Lakini aliomba, na kila askari akaelewa kiongozi wao ni nani bila hotuba yoyote.

Na kama unaamini umedhulumiwa katika uteuzi? Una haki ya kuuliza. Muulize aliyeteua, siku nyingine, kwa utaratibu wa kazi. Aliyeteuliwa hakujiteua. Usiuweke ugomvi huo ndani ya pongezi yake, kwa sababu hana uwezo wa kuutatua na hatausahau.

Kabla ya kutuma, soma mara moja ukijiweka mahali pake. Neno lolote ambalo lingekufanya ujiulize "alikusudia nini hapa?", lifute.

Allah azisafishe nyoyo zetu na hasad, na atubariki katika tulichopewa na walichopewa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.