Viini Vilivyobaki Bakulini

Mdogo wangu ananyanyua vyuma. Kila jioni akitoka jimu alikuwa anachemsha mayai sita, anakula ute, viini anaviacha kwenye bakuli. Mama, ambaye anafuga kuku ili auze mayai, alivumilia wiki mbili halafu akanipigia simu: "Wewe si mwandishi wa habari? Muulize ndugu yako nani kamwambia kiini ni takataka."

Nikamuuliza. "Kaka, protini iko kwenye ute. Kiini ni mafuta tu."

Nilikuwa naamini hivyohivyo, mpaka nilipokaa chini kusoma. Yai kubwa lina takriban gramu 6 za protini. Ute una kama 3.6, kiini 2.7. Kwa hiyo dogo alikuwa anaacha zaidi ya theluthi moja ya kile alichokuwa anakitafuta. Ni kweli mafuta yote yako kwenye kiini, lakini protini nayo imo.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapa vijana kumi waliozoea mazoezi ya vyuma gramu 18 za protini mara tu baada ya mazoezi. Safari moja zilitoka kwenye mayai mazima, safari nyingine kwenye ute peke yake. Protini ilikuwa sawasawa, lakini kwa mayai mazima misuli ilijenga protini mpya zaidi. Utafiti huo ulipima saa chache tu, haukupima ukubwa wa misuli baada ya miezi. Hata hivyo unatosha kumtetea kiini.

Gramu 18 ni mayai matatu mazima. Ukitaka kuzipata kwa ute pekee, unapasua matano. Na kwa kijana, kiasi cha gramu 20 kwa mlo mmoja baada ya mazoezi kinakaribia kikomo cha kile misuli inachoweza kukitumia kujirekebisha kwa wakati huo. Kuongeza mayai hapo hakuleti faida kubwa.

Tukapiga hesabu ya siku nzima. Dogo ana kilo 65, na mnyanyua vyuma anahitaji kama gramu 1.6 kwa kila kilo, yaani gramu 104. Kwa mayai pekee ni kumi na saba! Banda la mama lingefilisika. Kwa hiyo mayai matatu jioni, yaliyoiva, maana mabichi hayasagiki vizuri tumboni. Zilizobaki zitoke kwenye maharage, dagaa, samaki na maziwa. Yai la kienyeji ni dogo, hapo ale manne. Mwenye kisukari au lehemu nyingi kwenye damu aongee kwanza na daktari wake.

Jumapili nilienda nyumbani. Bakuli lilikuwa tupu, na mama alikuwa anapanga trei ya kuuza. "Matatu kwa siku," aliniambia bila kugeuka. "Hayo nayamudu."